Kuchagua mchanganyiko wa nyenzo wenye gharama ndogo: zao la nyongeza kwa kila kizio cha fedha

Tuchukue uzalishaji unaotumia nyenzo mbili tu, yaani saa za kazi ya watu na saa za mashine, na tuseme kwamba kiasi kinachotakiwa kimekwisha kuamuliwa: vizio 60 vya bidhaa kwa siku, visizidi wala kupungua. Saa moja ya kazi inagharimu vizio 4 vya fedha, na saa moja ya mashine inagharimu 9. Linalobaki kuamuliwa ni saa ngapi za kila nyenzo zitumike ili bidhaa hizo 60 zipatikane kwa gharama ndogo kuliko zote. Katika ulinganisho huu nitatumia kanuni ya uzalishaji iliyo rahisi kukokotoa, ambamo L ni saa za kazi na K ni saa za mashine:

`Q = √(L × K)`

Ili Q iwe 60, L mara K haina budi kuwa 3,600. Jozi zinazotimiza sharti hilo ni nyingi mno, na zikichorwa, saa za kazi zikiwa kwenye mhimili wa chini na saa za mashine kwenye mhimili wa wima, zinafanya mkunjo mmoja unaoteremka na kulegea kadiri unavyokwenda kulia. Huo ndio mkunjo wa zao sawa, yaani isokwanti. Kila nukta juu yake inatoa bidhaa 60 zilezile, na tofauti pekee kati ya nukta moja na nyingine ni namna nyenzo zilivyochanganywa. Kwa upande wa fedha, jozi zote zenye gharama moja zinalala kwenye mstari ulionyooka wenye mlinganyo `4L + 9K = C`, ambamo C ni gharama hiyo, na huo ndio mstari wa gharama sawa, au isokosti. Mwinamo wake ni 4 kwa 9, na hautegemei C ni kubwa au ndogo, kwa hiyo mistari yote ya namna hiyo ni sambamba, na ule ulio karibu zaidi na pembe ambapo mihimili miwili inakutana ndio wenye gharama ndogo.

Hebu sasa tuweke michanganyiko mitatu ubavu kwa ubavu. Zao la nyongeza ni kiasi cha bidhaa kinachoongezeka nyenzo moja inapoongezwa kidogo huku nyingine ikiachwa ilivyo. Kwa kanuni tuliyoichagua, zao la nyongeza la kazi ni nusu ya Q ikigawanywa kwa L, na la mashine ni nusu ya Q ikigawanywa kwa K. Kwa kuwa Q ni 60, hesabu inakuwa 30 kwa L na 30 kwa K.

| Mchanganyiko | L | K | Gharama | Zao la nyongeza la kazi kwa kila kizio cha fedha | Zao la nyongeza la mashine kwa kila kizio cha fedha |
|---|---|---|---|---|---|
| A | 60 | 60 | 780 | 0.125 | 0.056 |
| B | 90 | 40 | 720 | 0.083 | 0.083 |
| C | 120 | 30 | 750 | 0.063 | 0.111 |

Safu ya gharama imekwisha kutoa jibu kwamba B ndio nafuu kati ya hiyo mitatu. Hata hivyo safu hiyo peke yake haiwezi kutuambia kama kuna mchanganyiko wa nne, usiokuwemo kwenye jedwali, unaoushinda B. Safu mbili za mwisho zinaweza, na hapo ndipo thamani ya kipimo hiki ilipo: mtu anayesimama kwenye mchanganyiko mmoja tu, bila kuujua mwingine wowote, anaweza kutambua kama yuko mahali pazuri, na kama hayuko, aelekee upande gani.

Tuanze na A. Kizio kimoja cha fedha kinachotumika kwa kazi kinaleta bidhaa 0.125, ilhali kizio hichohicho kikitumika kwa mashine kinaleta 0.056, ambayo haifiki nusu. Fedha inayokaa kwenye mashine imekaa mahali dhaifu. Tukiondoa saa moja ya mashine, tunaokoa 9 na kupoteza takriban nusu ya bidhaa, na ili kuirudisha nusu hiyo tunahitaji takriban saa moja ya kazi, inayogharimu 4. Makadirio yanasema tutaokoa 5. Hesabu kamili inasema mashine zikiwa 59, kazi haina budi kuwa saa 61.02, na gharama inashuka kutoka 780 hadi 775.07, yaani tumeokoa 4.93. Pengo dogo kati ya 5 na 4.93 si kosa la hesabu. Linatokana na ukweli kwamba zao la nyongeza linabadilika wakati sisi tunasogea: kila saa ya mashine inayoondoka inaifanya ile inayobaki iwe na thamani kubwa zaidi, na kila saa ya kazi inayoongezwa inapunguza mchango wa inayofuata. Kwa sababu hiyo hiyo safari ya kutoka A haiendelei bila kikomo, bali faida ya kila hatua inapungua hadi inapofika sifuri.

Kwenye mchanganyiko C hali imegeuka. Huko kazi ni nyingi kupita kiasi, na kizio cha fedha kikihamishiwa mashine kinaleta 0.111 badala ya 0.063. Saa moja ya mashine iliyoongezwa inagharimu 9 na kuleta bidhaa moja, na bidhaa hiyo moja inaruhusu kuondoa saa 4 za kazi zenye gharama ya 16. Makadirio ya akiba ni 7, na hesabu kamili inatoa 6.48.

Kwenye B hakuna uhamisho unaolipa. Mashine zikiongezwa hadi 41, kazi inashuka hadi saa 87.80 na gharama inakuwa 720.22. Zikipunguzwa hadi 39, kazi inapanda hadi saa 92.31 na gharama inakuwa 720.23. Pande zote mbili tunapoteza, ingawa kidogo sana, na udogo huo unastahili kuangaliwa vizuri. Karibu na mchanganyiko bora gharama ni kama sakafu iliyo tambarare, hivyo mtu aliyekosea kidogo katika kupima zao la nyongeza hataumia sana, mradi yuko karibu. Aliye mbali, kama yule wa A, kila hatua ya kuelekea sahihi inamlipa sana. Kwa maoni yangu jambo hili lingetosha kumzuia mchambuzi asitumie muda mwingi kutafuta desimali ya tatu ya uwiano wa zao la nyongeza kwa bei, huku hajahakikisha kwamba bei za nyenzo alizoziandika ndizo bei halisi.

Kile kiwango cha pamoja cha 0.083 kwenye B kinabeba habari nyingine pia. Ni sehemu moja ya kumi na mbili, maana yake kizio kimoja cha fedha kinaleta sehemu moja ya kumi na mbili ya bidhaa, kwa hiyo bidhaa moja zaidi itagharimu 12 iwe imepatikana kwa kuongeza kazi au kwa kuongeza mashine. Gharama hiyo ya nyongeza ina maana moja pale tu ambapo zao la nyongeza kwa kila kizio cha fedha ni sawa kwa nyenzo zote mbili. Kwenye A bidhaa ya ziada ingegharimu 8 kwa njia ya kazi na 18 kwa njia ya mashine, na mtu akiulizwa gharama ya nyongeza ni ngapi angelazimika kuuliza kwanza, kwa njia ipi?

Sasa tulinganishe kipimo hiki na vingine vitatu vinavyotumika badala yake, kwa kuwa makosa mengi ninayoyaona katika mada hii yanaanzia hapo. Cha kwanza ni kulinganisha mazao ya nyongeza yenyewe bila kuyagawa kwa bei. Kwenye B, saa ya mashine inaongeza bidhaa 0.75 na saa ya kazi inaongeza 0.33, na anayetazama namba hizo peke yake ataamuru mashine ziongezwe. Amesahau kwamba saa ya mashine inagharimu mara 2.25 ya saa ya kazi, na kwamba 0.75 ni mara 2.25 ya 0.33 vilevile. Tofauti aliyoiona ndiyo hasa inayotakiwa kuwepo.

Kipimo cha pili ni kugawa fedha sawasawa kati ya nyenzo, na hiki kinadanganya kwa namna ya hatari zaidi, kwa sababu kwenye mfano wetu kinatoa jibu sahihi: B inatumia 360 kwa kazi na 360 kwa mashine. Ulingano huo umetokana na umbo la kanuni tuliyoichagua, ambamo kazi na mashine zina kipeo kimoja cha nusu. Charles Cobb na Paul Douglas, walipochapisha mwaka 1928 uchunguzi wao juu ya viwanda vya Marekani kuanzia 1899 hadi 1922, walitumia vipeo vya robo tatu kwa kazi na robo moja kwa mtaji. Kwa kanuni yenye vipeo hivyo, mchanganyiko nafuu unatumia vizio vitatu vya fedha kwa kazi kwa kila kizio kimoja cha mtaji, bei za nyenzo ziwe zozote. Kinachosawazishwa ni zao la nyongeza kwa kila kizio cha fedha, na matumizi yenyewe hayana sababu ya kulingana.

Kipimo cha tatu, wastani, kina kasoro iyo hiyo. Kwenye B, bidhaa zote 60 zikigawanywa kwa saa 90 za kazi kisha kwa bei 4 tunapata 0.167, na zikigawanywa kwa saa 40 za mashine kisha kwa bei 9 tunapata 0.167 tena. Mwanafunzi anayeona hivyo anaweza kuondoka akiamini kwamba wastani unatosha. Akienda kwenye kanuni ya robo tatu na robo moja atakuta kwamba katika mchanganyiko ulio bora, wastani wa mashine kwa kila kizio cha fedha ni mara tatu ya wastani wa kazi, na akisogea ili ausawazishe atakuwa anaukimbia uchaguzi sahihi. Wastani unahesabu saa zote zilizokwisha kutumika, ilhali uamuzi wa kuongeza au kupunguza unahusu saa ya mwisho tu.

Kuna pia chaguo la zana: mchoro au hesabu ya uwiano? Zote mbili zinafika mahali pamoja, kwa sababu mwinamo wa isokwanti kwenye nukta yoyote ni zao la nyongeza la kazi likigawanywa kwa zao la nyongeza la mashine, na mwinamo wa isokosti ni bei ya kazi ikigawanywa kwa bei ya mashine. Miinamo hiyo ikilingana, mstari unaugusa mkunjo bila kuukata, na kusema hivyo ni sawasawa na kusema kwamba zao la nyongeza kwa kila kizio cha fedha ni sawa kwa nyenzo zote mbili. Mchoro unashinda pale tunapotaka kuona kosa lilivyo pana. Mstari wa 780 unaopita kwenye A unaukata mkunjo mara mbili, kwanza pale kazi ikiwa saa 60 na tena pale ikiwa saa 135, na nukta zote za mkunjo zilizo kati ya mikato hiyo miwili zina gharama iliyo chini ya 780. Mstari wa 750 unaukata kwenye saa 67.5 na saa 120, kwa hiyo eneo limebana. Mstari wa 720 unaugusa kwenye saa 90 peke yake, na ulio chini ya huo haufiki kabisa. Hesabu ya uwiano, kwa upande wake, inashinda nyenzo zinapokuwa tatu au zaidi, kwa kuwa mchoro wa karatasi hauna mahali pa kuziweka, na inashinda pia pale ambapo tunajua mazao ya nyongeza kwenye mchanganyiko tulionao bila kujua mkunjo wote. Kwa mtu anayeamua, ningeshauri hesabu. Kwa anayetaka kuelewa kwa nini hesabu ile inafanya kazi, mchoro haukwepeki.

Jambo la msingi zaidi ni kujua aina ya uzalishaji kabla ya kuchagua kipimo, kwa sababu usawa wa uwiano unapatikana tu pale ambapo mkunjo ni laini na unalegea taratibu. Tubaki na bei zetu za 4 na 9, na tubadili kanuni iwe `Q = L + 2K`, maana yake saa moja ya mashine inaweza kushika nafasi ya saa mbili za kazi wakati wowote, bila kuchoka. Isokwanti sasa ni mstari ulionyooka. Kazi inatoa 0.25 kwa kila kizio cha fedha na mashine inatoa 0.222, na namba hizo hazibadiliki tuchanganye vyovyote. Anayetafuta mahali zinapolingana atatafuta bila mwisho. Anachotakiwa kufanya ni kuchukua nyenzo yenye uwiano mkubwa na kuiacha nyingine kabisa: saa 60 za kazi kwa gharama ya 240, dhidi ya 270 kwa mashine peke yake au 255 kwa nusu kwa nusu. Uchaguzi wa namna hii ni wa pembeni, na una tabia ya kugeuka ghafla. Bei ya mashine ikishuka hadi 8, michanganyiko yote ina gharama ya 240, na ikishuka hadi 7, kazi inaachwa yote na mashine 30 zinafanya shughuli kwa 210.

Upande wa pili kabisa kuna uzalishaji wa uwiano usiobadilika, unaohusishwa na jina la Wassily Leontief. Tuseme kila saa ya mashine inahitaji saa mbili za kazi ili itoe bidhaa mbili, basi bidhaa 60 zinahitaji saa 60 za kazi na saa 30 za mashine, kwa gharama ya 510. Isokwanti ina umbo la pembe mraba, na kwenye kona hiyo kuongeza nyenzo moja peke yake hakuongezi chochote. Zao la nyongeza ni sifuri kwa pande zote mbili tukiongeza, lakini tukipunguza saa moja ya kazi tunapoteza bidhaa nzima. Uwiano unaokuwa na thamani mbili kwenye nukta moja hauwezi kuongoza uamuzi. Hapa hakuna mchanganyiko wa kuchagua. Kilichopo ni kuhakikisha tu kwamba hakuna nyenzo iliyozidi na kukaa bila kazi. Bei zikipanda, gharama inapanda, na mchanganyiko unabaki uleule.

Njia ya kutambua uko katika aina ipi ni kuangalia kinachotokea bei inapobadilika. Kwenye kanuni yetu ya kwanza, bei ya saa ya kazi ikipanda kutoka 4 hadi 9, mchanganyiko nafuu unahamia saa 60 za kazi na saa 60 za mashine, kwa gharama ya 1,080. Anayebaki na B analipa 1,170. Mchanganyiko A, uliokuwa na gharama kubwa kuliko wenzake kwenye jedwali, ndio ulio sahihi sasa, bila kanuni ya uzalishaji kuguswa. Bei zote mbili zikipanda maradufu pamoja, hakuna anayehama, kwa kuwa kinachoamua ni uwiano wa bei, na gharama inakuwa 1,440. Basi bei moja ikipanda na mchanganyiko ukasogea taratibu, mkunjo ni laini. Ukiruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nyenzo zinabadilishana nafasi kikamilifu. Usipotikisika, ziko kwenye uwiano usiobadilika, au basi kuna kitu kinazuia mabadiliko.

Kizuizi hicho mara nyingi ni muda au ukubwa wa mashine. Ikiwa saa 60 za mashine zimekwisha kulipiwa na mkataba hauwezi kuvunjwa, mchanganyiko A unabaki kuwa ndio pekee unaowezekana kwa leo, na tofauti kati ya 0.125 na 0.056 inasema tu kwamba mkataba ukiisha, saa za mashine zipunguzwe. Haisemi kwamba anayeendesha kazi leo amekosea. Ukubwa wa mashine unahitaji uangalifu wa namna nyingine. Tuseme saa za mashine zinapatikana kwa mafungu ya 15 tu, yaani 30, 45 au 60. B haipo tena. Fungu la 45 linahitaji saa 80 za kazi na gharama yake ni 725, dhidi ya 750 kwa 30 na 780 kwa 60. Kwenye mchanganyiko huo wa 80 na 45 kazi inatoa 0.094 kwa kila kizio cha fedha na mashine inatoa 0.074, namba zisizolingana na ambazo hazitalingana kamwe kwa mafungu hayo. Uwiano hapa unatuambia kwamba tungependa mashine pungufu kidogo, lakini pungufu inayopatikana ni ya saa 15 nzima, na hatua hiyo inavuka sehemu ya chini ya mkunjo wa gharama na kupanda upande wa pili. Nyenzo zinapokuja kwa mafungu, gharama za jumla za mafungu yaliyo jirani ndizo za kulinganishwa, na hapa 725 ndiyo inayochaguliwa.